Samaki Aliowazika Bi Batuli

Nimesh, mwenye duka, alikuwa na picha kumi na nne za wateja, na hakutaka kuacha hata moja. Kila picha ilikuwa na mtu amesimama kando ya friza ya sola, mkono mmoja juu ya mfuniko, akitazama kamera kama mtu aliyeitwa na polisi. Chini ya kila picha palikuwa na jina, kijiji, na maneno yaleyale: mteja ameridhika.

"Watu wakiona wengi, wanaamini," alisema Nimesh.

"Kule Watamu waliona wote kumi na wanne, Bwana Nimesh," Sumeiya, muuzaji wake, alimjibu. "Walipofika kwa wa sita wakaanza kuuliza chai iko wapi."

Alisema hivyo bila hasira na bila mzaha. Siku hizi alisema mambo yote hivyo. Tangu arudi kazini sauti yake ilikuwa imenyooka, haipandi wala haishuki, na watu dukani waliichukua kuwa ni subira. Walimsifu kwa subira yake. Sumeiya alizipokea sifa kama mtu anayepokea chenji asiyoihesabu.

Mtoto wake wa kwanza, Abdulhadi, aliishi siku chache hospitalini akafa kabla mama yake hajamaliza arubaini. Watu walikuja, wakasema innalillahi, wakala wali, wakaondoka. Sumeiya alingoja huzuni ije kama ilivyokuja kwa wenzake, yenye vilio na kujigaragaza. Haikuja. Kilichokuja ni ganzi, ile ya mguu uliokaliwa vibaya, ila hii ilikuwa mwili mzima na haikuwa na dalili ya kuondoka. Mumewe Abdulqadir, fundi cherehani katika mji wa kale wa Malindi, alimtazama kwa pembe ya jicho na hakumwuliza kitu. Naye hakumwuliza mumewe. Nyumba ilikuwa na watu wawili wenye adabu sana.

Ndiyo maana kazi hii aliing'ang'ania. Haikumpa furaha, lakini ilimtoa nje ya nyumba asubuhi na kumrudisha jua likiwa limekwisha kulainika, na katikati palikuwa na watu wa kuongea nao habari za betri na paneli. Na sasa Nimesh alikuwa amemwambia waziwazi, kwa upole wa mfanyabiashara ambaye upole haumzuii: friza haziuziki. Ushirika wa wachuuzi wa samaki wa Gongoni ukikataa, atafunga upande huo wa duka arudi kwenye feni na majiko ya gesi, na kwa feni na majiko ya gesi mamake, Bi Labhuben, anatosha.

"Basi niachie Gongoni mimi," alisema Sumeiya. "Nitakwenda na mteja mmoja tu."

"Mmoja?"

"Mmoja. Anayefanana nao, aliyekaribia kuharibikiwa, na mwisho wake unaonekana. Mtu akisikia kisa cha mtu kama yeye, anakaa mwenyewe ndani ya kile kisa. Akisikia kumi na wanne anakaa nje anahesabu."

Nimesh alikuna shingo. Akasema sawa, ila picha atazibeba, huwezi kujua.

Kusema ni rahisi. Kumpata huyo mmoja ndiyo kazi. Sumeiya alishika simu akawapigia wateja, akagundua kwa nini zile picha zilikuwa bubu. Aliwauliza friza imewaletea nini. Wa Mambrui akasema, "Twashukuru." Wa Mayungu akasema, "Si haba." Wa Takaungu akasema, "Mungu hamtupi mja wake," akauliza kama betri ina dhamana. Hakuna hata mmoja aliyetaja faida, wala asingeitaja kwa mtutu wa bunduki. Hapa pwani mtu akisema amepata, kesho asubuhi mtoto wake ana homa na keshokutwa gari limekwama, na kila jirani ana jicho. Hata tajiri anayejenga ghorofa ya tatu ukimwuliza atakwambia twasukuma siku. Sasa nenda ukauze friza kwa "twasukuma siku".

Akabaki Bi Batuli wa Ngomeni, ambaye simu yake haikuwa ikishika. Sumeiya akapanda bodaboda kutoka Gongoni, akapita mashamba ya chumvi yanayoumiza macho, akamkuta mama huyo barazani anapara samaki aina ya kolekole. Alikuwa mwanamke mnene wa Kibajuni, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya pili.

"Shikamoo Bi Batuli."

"Marahaba mwanangu. Karibu. U hali gani?"

"Njema, alhamdulillahi. Nimekuja kuiuliza hali ya friza."

"Ipo. Si haba."

Sumeiya alikaa kwenye mkeka. Kwa desturi angesukuma: umeuza kiasi gani, umeongeza nini. Alijua atapata si haba ya pili na ya tatu. Na kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kusukuma, aliuliza lililomjia tu mdomoni.

"Na kabla yake, Bi Batuli, ilikuwaje?"

Kisu kikasimama.

"Kabla yake? Mwanangu, kabla yake nilikuwa nazika."

"Unazika?"

"Samaki. Barafu ya Malindi inafika hapa ni maji. Wakija wengi, jua kali, wanunuzi hawaji, jioni wote wameharibika. Huwezi kuwatupa ovyo, mbwa wanawafukua na watu wanasema Batuli anatuletea maradhi. Basi nachukua jembe, nachimba pale nyuma, nazika. Kwa mikono yangu hii. Nguru uliyemnunua kwa pesa ya kukopa, unamfukia mchanga huku unamwangalia jicho. Nimezika hapo nyuma, mwanangu, mpaka nikawa sijui pa kuchimba."

Alisema yote hayo bila kusukumwa, na hapo Sumeiya akaliona jambo ambalo zile simu zote hazikumwonyesha. Pato hufichwa, lakini hasara husimuliwa kwa kinywa kipana. Hasara haina kijicho. Hakuna jirani anayemwonea mwenziwe gere kwa samaki waliooza. Basi matokeo aliyokuwa akiyatafuta hayakuwa upande wa kilichopatikana. Yalikuwa upande wa kilichokoma kupotea.

Lakini neno lenyewe lilikuwa limemwingia mahali. Nazika. Kwa mikono yangu hii. Alilisikia likigonga ndani, mbali, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba ya pili. Akaendelea kuuliza.

"Na ulipoinunua friza, mambo yakanyooka siku hiyohiyo?"

"Nani kakwambia?" Bi Batuli alicheka. "Masika ile nilitaka kuwarudishia. Nilikuwa na samaki wa harusi ya Mambrui, nguru watupu, friza imejaa hadi juu. Mvua ikaja, mawingu yakatanda, jua siku mbili hatulioni. Taa ya kijani ikageuka nyekundu. Watu wakanijia hapa: Batuli, uza sasa kwa bei ya kutupa, nusu shari kuliko shari kamili. Kila anayekuja anataka kufungua aone kama wameanza kulainika. Na yule kijana wenu fundi alinambia siku aliyoifunga, mama, ikijaa na usipoifungua, baridi yake inakaa hata bila umeme. Ukifungua, unaitoa mwenyewe. Sikumwamini, lakini nilikuwa sina la kufanya. Nikatandika mkeka juu ya mfuniko nikakaa."

"Ukaikalia friza."

"Nikaikalia. Wakinisalimia naitikia nikiwa juu yake. Nikienda kuswali namweka dada yangu. Moyo unanidunda, nasema Batuli, ukija kufungua hapa utachimba shimo la kuzika harusi nzima."

"Na ulipofungua?"

"Wagumu kama mawe. Walisafirishwa wote, hakurudi hata mkia." Akashika kisu tena. "Tangu hapo jembe lile nimempa shemeji akalimie."

Sumeiya akamwomba ruhusa ya kukisimulia kisa hicho kwa watu wa Gongoni, kwa jina lake. Bi Batuli alifikiri, macho kwa samaki.

"Simulia. Ila usiwaambie napata."

"Nitawaambia hutupi."

"Hilo sema. Kutokutupa si dhambi."

Siku ya Gongoni, ghala la ushirika lilikuwa na joto la kupikia. Wachuuzi walikaa juu ya makreti yaliyopinduliwa, wanawake wengi na wanaume wachache, na mwenyekiti wao Kambi, mzee mkavu wa Kigiriama asiyependa kupotezewa wakati, alikaa mbele na fimbo yake magotini. Nimesh alisimama nyuma karibu na mlango akiwa na projekta kwapani. Sumeiya hakuiomba.

Hakuanza na kampuni, wala na paneli. Alisema, "Ngomeni yupo mama mchuuzi, Bi Batuli. Wengine mnamjua." Vichwa kadhaa vikaitikia. "Ana soko lilelile lenu, barafu ileile, jua lilelile."

Akawaeleza. Aliongea kwa ile sauti yake iliyonyooka, na kwa mara ya kwanza ikamfaa, kwa kuwa haikuwa sauti ya muuzaji. Hakupamba. Akaeleza barafu inayofika maji. Akaeleza samaki wa jioni. Akasema, "Akachukua jembe, akachimba nyuma ya nyumba. Akawazika kwa mikono yake mwenyewe."

Na hapo akakwama.

Hakupanga. Neno lilipotoka mdomoni mwake lilirudi kifuani. Aliona mchanga. Hakuona mchanga wa Ngomeni. Aliona mlango wa sebule yao, wanaume wakitoka wamebeba kitu kidogo cheupe, na yeye amebaki ndani na wanawake, maana wanawake hawaendi makaburini kuzika, na mlango ukarudishwa. Kila mtu alisema tumezika. Yeye pia alisema tumezika. Hakuzika. Ikamuuma, maumivu hasa, mwanzo wake na mwisho wake vyote vikali, na alitamani kuketi pale chini kwenye sakafu ya saruji.

Mama mmoja kwenye kreti akasema taratibu, "Hata mie nimezika." Mwingine akaguna. Walikuwa wamo, wote, kila mmoja na shimo lake.

Sumeiya akaendelea. Friza akaileta sasa tu, katikati ya kisa, na hapo hapo akaitia mashakani: mvua, taa nyekundu, nguru wa harusi, majirani na nusu shari yao. Alipofika pa kutandika mkeka juu ya mfuniko, wanawake walicheka, lakini walicheka wakiwa wameinama mbele. Hakuharakisha kufungua. Alimkalisha Bi Batuli juu ya friza mpaka Kambi mwenyewe akagonga fimbo.

"Akafungua au hakufungua?"

"Alifungua asubuhi ya harusi. Wagumu. Hakurudi hata mkia. Na masika nzima iliyofuata hakuzika samaki hata mmoja."

Akanyamaza. Hili nalo alilijua: mwisho ukishasemwa, muuzaji afunge mdomo, maana kila neno linaloongezwa linatoa baridi.

Mchuuzi mmoja aitwaye Kalume alinyoosha mkono. "Sawa. Lakini anapata faida gani?"

"Hilo nenda kamwulize mwenyewe," alisema Sumeiya, "nawe unajua atakavyokujibu."

Wakacheka wote, na Kalume pia, maana hata yeye asingejibu. Kisha wakauliza maswali ya watu wanaonunua: mfuniko ukivunjika nani anatengeneza, fundi anafika kwa muda gani, wawili wanaweza kushirikiana moja. Kabla ya adhuhuri Kambi alikuwa amewapa mkono. Friza za ushirika mzima. Nimesh alirudisha projekta garini kwa heshima, kama mtu anayemsindikiza mgeni ambaye hakulala.

"Umeniokolea duka," alimwambia njiani. "Na pale ulipofika kwenye kuzika, ukanyamaza. Lo. Nilisisimka mimi niliye muuzaji. Pale usipaache. Kila mahali tutakapokwenda, nyamaza vilevile."

Sumeiya akaitikia. Kazi ilikuwa imebaki. Alitazama nje ya dirisha, na njia nzima hadi Malindi yale maumivu yalikuwa bado yapo kifuani, na hakutaka yaondoke. Yalikuwa kitu pekee cha mtoto wake alichonacho kisichokuwa nguo.

Huko Takaungu akasimulia. Alipofika kwenye neno alilingoja, nalo likaja na uchungu, ila uchungu ulikuja umechelewa kidogo, baada ya kunyamaza. Watu walinunua. Mayungu nako akasimulia. Uchungu ulifika mlangoni ukachungulia. Watu walinunua. Alikuwa sasa anajua wapi pa kuvuta pumzi, wapi pa kutazama chini, mama wa aina gani ndiye atakayesema hata mie nimezika. Nimesh aliziondoa zile picha kumi na nne kwenye kompyuta bila kuambiwa.

Kilifi palikuwa na ukumbi wa maana, wenye feni na viti vya plastiki, na wachuuzi waliokuja kutoka pande zote za kijito. Sumeiya alisimama mbele yao akasema kuna mama Ngomeni. Akasema barafu. Akasema jembe. Akasema, "Akawazika kwa mikono yake mwenyewe," akanyamaza.

Alingoja. Ukumbi mzima ulishusha pumzi palepale panapostahili. Mama wa mstari wa pili alifuta jicho kwa ncha ya leso. Sumeiya alimtazama yule mama, akapekua ndani yake mwenyewe kwa haraka, kila chumba, kama mtu anayetafuta ufunguo huku gari likiwaka nje. Hapakuwa na kitu. Neno lilikuwa neno. Lilikuwa limeisha kwa kutumika, na yeye ndiye aliyelitumia.

Akamaliza kisa. Wakacheka palipo pa kucheka, wakauliza pa kuuliza. Nimesh kule nyuma aliinua kidole gumba. Sumeiya akasema samahani, natoka kidogo.

Nyuma ya ukumbi palikuwa na ukuta na tangi la maji na kivuli kidogo. Aliogopa. Aliogopa kuliko siku ile aliyoambiwa kazi itafungwa, maana siku ile alikuwa na kitu cha kupoteza kilichokuwa nje yake. Alijaribu kusema neno peke yake, kwa sauti ya chini. Alizika. Walizika. Hakuna. Akajaribu, "Nilimzika," akaona kwamba huo ni uwongo, na ndiyo sababu halimwumi: alikuwa akiwalilia watu kwa mazishi ya samaki, na ya mwanawe hayajui. Hakuyaona wala hakuyauliza. Alikuwa na jina, na nguo, na mlango uliorudishwa, kisha basi.

Akatoa simu akampigia mumewe.

Abdulqadir alipokea cherehani ikiwa inaenda. Alikuwa na kanzu za harusi ya mtu. "Naam, Sumeiya. Umekwisha kazi?"

"Abdulqadir," alisema, "nieleze mlivyomzika."

Cherehani ikasimama. Upande ule mtu alipita kichochoroni akiuza kashata.

"Nilidhani hutaki kujua," alisema.

"Nilidhani hutaki kusema."

"Nilingoja uniulize. Kila siku nikirudi nyumbani nasema leo ataniuliza." Sauti yake ilikatika, ikajikusanya. "Kila kitu?"

"Kila kitu. Toka mwanzo. Sina haraka."

Mlango wa ukumbi ulifunguka, Nimesh akachungulia, akamwona alivyoshika simu kwa mikono miwili, akaufunga tena taratibu.

"Sanda niliikata mwenyewe hapa dukani," alianza Abdulqadir. "Mkono wangu umezoea watu wazima. Nikakata, ikawa kubwa. Nikaikata tena, bado kubwa."

Sumeiya akaketi chini penye kivuli cha tangi, akaegemea ukuta, machozi yakimshuka, na hakumkatiza.